"Niko njiani" haijibu kitu

Neno linalosafiri kuliko mengine yote asubuhi hapa Kakuma ni "niko njiani." Mtu ameshavaa viatu, yuko njiani. Mtu bado anatafuta viatu, yuko njiani pia. Mwingine amekaa kwa bodaboda iliyoishiwa mafuta, yuko njiani, na huyo kwa kweli hasemi uongo. Sisi wa Kivu tunasema "niko nakuja," Wakenya wanasema "nafika saa hii," Warundi wana yao, na wote tunaelewana vizuri kabisa kwamba hakuna aliyeambiwa kitu.

Kwa rafiki anayekungoja chai, hiyo inatosha. Ninayoandika hapa ni ya asubuhi nyingine, ile ambayo umeshachelewa, saa ya kuanza kazi imepita, na simu inalia kwenye mfuko. Unasoma jina la meneja. Kaandika: "Habari. Ni 8:25 na hujafika. Uko wapi? Uko salama?"

Mimi ni mkalimani kwenye kliniki, mfanyakazi wa motisha kama wengi wanaosoma jarida hili. Natoa Kifuliiru na Kiswahili cha kwetu kwa wanaosema Kiswahili cha Kenya na Kiingereza, na ninarudisha. Kazi ya maneno ndiyo inayonifanya niyatazame na haya madogo ya simu.

Ujumbe kama huo una maswali mawili ndani yake hata kama limeandikwa moja. La kwanza ni: wewe mtu, uko mzima? La pili: kazi niifanyeje bila wewe? Wengi wetu tunajibu swali la tatu ambalo halikuulizwa, yaani kosa ni la nani. Tunaandika: "Samahani sana madam, haki ya Mungu nimeamka mapema, lakini mtoto alikuwa na homa halafu mvua, halafu bodaboda akakataa." Ujumbe mrefu, kila neno kweli, na madam akimaliza kuusoma hajui kama uko nyumbani, kama umeumia, wala kama amwite mtu mwingine. Ile haki ya Mungu ndiyo inaharibu zaidi, maana hakuna aliyekuwa amekukatalia mpaka ulipoapa.

Najua woga unatoka wapi. Motisha ni ndogo na kazi ni chache, na mtu aliyekimbia mara moja au mbili amezoea kujieleza mbele ya kila meza: mpakani, kwenye uandikishaji, kwenye mahojiano. Ukiulizwa "uko wapi," mwili unasikia "jitetee." Lakini meneja anayeuliza 8:25 asubuhi mara nyingi ana sababu yake isiyohusu adhabu. Mashirika mengi hapa yana utaratibu wa kuhesabu watu wao, hasa usiku ukiwa umekuwa na vurugu au mafuriko. Asiyejulikana alipo lazima aripotiwe kwa watu wa usalama, na baada ya hapo simu zinapigwa, pengine gari linatumwa kuuliza kwa jirani. Neno "salama" likimfikia mapema, hayo yote yanasimama.

Nitaeleza asubuhi moja tu, ya mwezi wa 4, kwa sababu ndani yake mambo karibu yote yalikutana.

Usiku mvua haikunyesha kwetu. Wageni wa Kakuma hawaelewi hili mpaka walione: laga ni mkavu, watoto wanacheza mpira ndani yake, anga ni safi, halafu maji yanakuja kutoka juu, kutoka kwenye milima ambako mvua ilinyesha usiku. Yanakuja na matawi na takataka na sauti kama lori. Saa moja na nusu nilifika ukingoni nikakuta watu wamejipanga pande zote mbili, kimya, kama kwenye mazishi. Kijana mmoja alijaribu, maji ya magotini tu, akaangushwa na kuvutwa mpaka wenzake walipomshika shati. Maji ya magotini yakikimbia humshinda mtu mzima, hata anayejua kuogelea, kwa sababu hayakuzamishi, yanakukata miguu.

Ujumbe wa kwanza niliutuma 7:45 kwa WhatsApp. Ukakaa na alama moja ya tiki. Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwake. Mbili, umefika kwa simu yake. Zikigeuka bluu ameusoma, isipokuwa kama amezima hiyo sehemu. Asubuhi za mafuriko mtandao unalegea, na mtu anaweza kukaa nusu saa akiamini amejibu. Kumbe hajajibu mtu. Ndiyo maana swali la meneja lilinikuta 8:25 likija kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Alishaona WhatsApp haifanyi kazi. Na mimi nikamjibu kwa njia ile ile aliyotumia, kwa sababu hiyo ndiyo iliyothibitika kufika.

Niliandika hivi:

"Niko salama. Niko ng'ambo ya laga karibu na soko, maji yamejaa. Sifiki kabla ya 10:00. Mama wa 9:00 asaidiwe na dada wa lishe. Nitaandika tena 9:15."

Naomba tuutazame kipande kwa kipande, si kwa kuusifu, bali kwa sababu kila kipande kina kazi.

Hakuna salamu mwanzoni. Hapo mama yangu angenichapa. Kwetu huwezi kumwambia mtu mzima jambo kabla hujamuuliza ameamkaje, watoto wameamkaje, na nyumba. Lakini simu imefungwa, iko juu ya meza katikati ya mafaili, na meneja anaangalia kioo kwa jicho moja huku anaongea na daktari. Kioo kinaonyesha maneno machache ya mwanzo tu. Kama maneno hayo ni "Shikamoo madam, habari za asubuhi na poleni na kazi," basi ameamkiwa na bado ana wasiwasi. "Niko salama" ikiwa ya kwanza, ameshapumua bila kuigusa simu. Heshima ya asubuhi hiyo ndiyo hiyo. Salamu zote nilimpa nilipofika, pamoja na deni la nyumba na watoto.

Halafu mahali. "Nyumbani" haisaidii, "karibu" haisaidii kabisa. Taja kitu ambacho yeye anakijua na anaweza kumwonyesha dereva: soko, bomba la maji, shule, kituo cha polisi. Na sema uko upande gani wa kizuizi. Neno "ng'ambo" lilimwambia kwamba hata gari la shirika haliwezi kunifikia, basi asihangaike kulituma. Sababu ya kuchelewa ilichukua maneno mawili, "maji yamejaa." Angetaka zaidi angeuliza.

Kipande cha "sifiki kabla ya 10:00" ndicho ninachopenda kukizungumza na wakalimani wenzangu, kwa sababu watu wengi hapo hutoa ahadi. Wanaandika "nafika 9:00" wakiwa wanaombea 9:00. Mimi ningejuaje saa ya maji kushuka? Wazee wa hapa, Waturkana waliozaliwa kando ya laga hizi, wakikuambia ngoja saa moja, wanamaanisha ngoja uone. Ila kitu kimoja nilikijua bila kubahatisha. Kutoka ukingo ule mpaka lango la kliniki ni dakika 40 kwa miguu, na langoni kuna foleni ya kukaguliwa, tuseme dakika 10. Hata kama maji yangeshuka 9:10, nisingekaa kiti changu kabla ya 10:00. Kwa hiyo sikusema nitafika lini. Nilisema lini sitakuwa nimefika. Meneja hahitaji kujua dakika yangu. Anahitaji kujua kama mgonjwa wa 9:00 angojewe au atafutiwe njia nyingine, na jibu hilo alilipata lote.

Saa zenyewe niliziandika kwa tarakimu kama zinavyoonekana kwenye kioo cha simu. Kwa mdomo nasema saa nne, kama kila mtu. Lakini kwenye kliniki yetu kuna Wakenya, kuna daktari wa kutoka nje aliyejifunza Kiswahili kidogo, na kuna wenzetu waliosoma kwa Kifaransa ambao kichwani wanahesabu kwa saa ya shule. Andika "saa nne" na ujumbe upitishwe mikono miwili, kuna atakayesoma 4. Mwenzangu mmoja aliandika "nafika saa tatu" na aliyesomewa ujumbe akaondoa jina lake kwenye zamu yote ya mchana, akiamini anakuja 3:00 ya alasiri. Alipofika 9:00 asubuhi alikuta nafasi yake imekaliwa. Hakuna aliyekuwa amesema uongo.

"Mama wa 9:00" hana jina. Kwa makusudi. Simu ya meneja iko mezani, wengine wanaona, na kwenye kliniki hata jina tu ni siri. Saa yake ya miadi inatosha kumtambulisha kwa anayepaswa kumjua. Nikamtaja na mtu wa kushika nafasi yangu, dada wa kitengo cha lishe anayesema Kifuliiru, kwa sababu nilijua mambo mawili ambayo meneja hakuyajua: kwamba dada huyo yupo zamu siku hiyo, na kwamba mama huyo alihitaji mwanamke. Mtu anayechelewa mara nyingi ndiye anayejua zaidi ni nani anaweza kuishika kazi yake. Kama unajua, sema. Kama hujui, acha nafasi, usimtupie mwenzako kazi bila kujua kama anaiweza.

Ujumbe wote huo, na nafasi na nukta zake, ni herufi 148. Naeleza kwa nini nilihesabu. Ujumbe mfupi mmoja unabeba herufi 160. Ukizidi, unakatwa vipande, na mtandao ukiwa dhaifu kipande kimoja kinaweza kuchelewa au kupotea, hasa kile cha mwisho chenye saa. Na ukiweka kile kipicha cha uso unaolia, nafasi inashuka kutoka 160 mpaka 70. Wengi hawajui hili. Wanaweka machozi mawili mwishoni kuonyesha masikitiko, na machozi yenyewe ndiyo yanaupasua ujumbe.

Jibu lake lilikuja baada ya dakika mbili: "Asante. Usivuke."

Maneno hayo mawili nimeyahifadhi kwenye simu mpaka leo. Neno la "usivuke" likitoka kwa mkubwa wa kazi, linakufungua mguu uliokuwa umeshaanza kuingia majini. Kila mwaka wa mvua nzito kuna watu wanaochukuliwa na laga hizi, na baadhi yao walikuwa wanawahi kitu.

Kule kliniki mambo hayakwenda kama nilivyopanga. Dada wa lishe alikuwa na watoto wa kupima, asingeweza kuwaacha kabla ya 9:40. Mama wa 9:00 alikuwa amekuja na mume wake, mtu mpole, anayesema Kiswahili vizuri, naye akasema hakuna shida, mimi mwenyewe nitamtafsiria mke wangu. Ni jambo la kawaida. Wahudumu wakiwa na foleni ya watu 60 nje wanalikubali, na siwalaumu. Kama ningekuwa nimeandika "niko njiani," wangengoja dakika 10, wangeona sitokei, wangemkubali mume. Lakini meneja alikuwa na saa mbili mkononi, ile yangu na ile ya dada wa lishe, na alikuwa na neno langu kwamba mama yule asaidiwe na dada wa lishe, ingawa sikumwambia kwa nini. Akamwambia mume kwa adabu kwamba kliniki ina mtu wake anakuja, na akawapangia wagonjwa wengine mbele. Mama alingoja mpaka 9:45. Akaingia na dada peke yao, mume akabaki kwenye benchi. Alichosema humo ndani si changu kukiandika. Ninachoweza kusema ni kwamba siku hiyo hiyo alipelekwa hospitali kubwa, na kwamba kwa mdomo wa mume jambo lile lisingetoka.

Mimi wakati huo nilikuwa ukingoni na fimbo. 9:15 niliandika: "Bado salama, bado ng'ambo. Maji yanashuka polepole. Sifiki kabla ya 10:30." Hakukuwa na habari mpya yenye maana, lakini nilikuwa nimesema nitaandika 9:15. Ukikaa kimya saa uliyoitaja mwenyewe, ule wasiwasi unarudi ukiwa mkubwa zaidi, maana sasa anafikiri umejaribu kuvuka. Nilivuka kama 9:50 nyuma ya wanaume watatu walioshikana mikono, maji yakiwa chini ya magoti na yametulia, na nikaingia langoni 10:40 na suruali imejaa tope.

Kuna asubuhi ambazo hata hili haliwezekani, na hapo maandalizi ni ya jana yake. Vocha ikiisha, kuna ule ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa. Hauna maneno yako ndani, ila mimi na meneja wetu tulikubaliana kwamba nikiutuma kabla ya 9:00 maana yake ni "niko salama, nimekwama, nipigie." Chaji ikiisha, unaomba simu ya mtu, na hapo wengi hukwama mahali pa kijinga: namba ya meneja imo ndani ya simu iliyozimika. Iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na kadi ya kazi. Na ukitumia simu ya mtu anza na wewe ni nani, kwa sababu "niko salama" kutoka namba isiyojulikana inatisha kuliko kimya. Ukiwa nyuma ya bodaboda, usijibu. Mwambie kijana asimame chini ya mti, andika, halafu mwendelee. Nimeona simu ikiruka kwenye kokoto na mwenyewe akairukia.

Sasa neno kwa mameneja, maana najua na nyinyi mnasoma jarida hili wakati wa chai. "Uko wapi?" peke yake, kutoka kwa mkubwa, kwa Kiswahili ni neno la ukali. Mzazi hulitumia akiwa na fimbo. Mkiongeza alama tatu za kuuliza, limekuwa polisi. Mtapata majibu ya kujitetea kwa sababu mmeuliza swali la kushtaki, hata kama moyoni mlikuwa na hofu ya kweli. Geuzeni tu: "Uko salama? Uko wapi?" Maneno yale yale, na mtu akisoma anajua ameulizwa yeye kwanza, kazi baadaye. Na mkiongeza saa mnayohitaji jibu, kwa mfano "nijulishe kabla ya 8:45 ili nipange," mmemsaidia kuelewa kwamba mnapanga, hamuwindi. Meneja wetu aliandika saa iliyopo, 8:25, na hilo pia lilinisaidia, kwa sababu ujumbe ulionifikia kwa kuchelewa ungeweza kuwa wa lini?

Msamaha je? Mimi huweka moja, mwishoni, na kama herufi hazitoshi naiacha nikaitoe kwa mdomo. Siku ile niliitoa kwa mama wa 9:00, siyo kwa meneja. Nilimkuta bado kwenye benchi akingoja gari la kumpeleka. Nikamwambia kwa Kifuliiru, pole mama, maji yalinizuia. Akaangalia suruali yangu akacheka, akaniambia huku kwenu hata mto unakuja bila mvua.

Wiki iliyofuata meneja alibadilisha orodha ya miadi. Mwezi wa 4 na wa 5, ukiona wingu limekaa usiku upande wa milima, wanaohitaji Kifuliiru wanapangwa kuanzia 11:00, na wale wa upande wetu wa laga wanaambiwa jioni yake.